Kodi 50, matumizi 50: kwa nini pato halibaki palepale

"Serikali ikikusanya kodi 50 zaidi na kuzitumia hizohizo 50, si hela ileile imehama mfuko tu? Pato la taifa linaongezekaje hapo?"

Linaongezeka kwa 50 kamili, kwa mujibu wa modeli ya kwanza kabisa anayokutana nayo mwanafunzi wa uchumi wa jumla. Jibu hili huwakera watu wa pande mbili. Wanaoamini bajeti isiyo na nakisi haiwezi kusukuma chochote walitarajia sifuri, na waliozoea kusikia kwamba matumizi ya serikali yana kizidishi kikubwa, yaani kila 1 inayotumika huongeza pato kwa zaidi ya 1, walitarajia zaidi. Mwanauchumi Mnorwe Trygve Haavelmo aliichambua hoja hii kwa kina katika makala aliyoichapisha mwaka 1945. Hesabu yake ni rahisi kuikubali. Kazi inaanza unapouliza ina maana gani.

Tuchukue uchumi mdogo usiofanya biashara na nje, namba zote zikiwa mabilioni ya sarafu yoyote. Kaya zina matumizi ya msingi ya 100, na juu ya hapo, katika kila 100 inayobaki mkononi baada ya kodi, hutumia 80 na kuweka akiba 20. Kodi ni ya mkupuo, yaani haipandi wala kushuka pamoja na kipato. Y ni pato, C ni matumizi ya kaya, I ni uwekezaji, G ni matumizi ya serikali na T ni kodi.

```
Y = C + I + G
C = 100 + 0.8(Y − T)
I = 150   G = 250   T = 250
```

Ukiingiza namba unapata Y = 300 + 0.8Y, hivyo pato ni 1,500. Baada ya kodi kaya zinabaki na 1,250, zinatumia 1,100 na kuweka 150. Akiba inalingana na uwekezaji, na bajeti ya serikali haina nakisi wala ziada.

Sasa serikali inunue bidhaa na huduma za 50 zaidi. Hiyo 50 ni pato papo hapo, kwa kuwa kuna kitu kimezalishwa na kununuliwa. Waliolipwa wanatumia 40 kati yake, ambayo inakuwa kipato cha wengine. Nao wanatumia 32, wanaofuata 25.6, na mnyororo unaendelea kusinyaa hadi jumla inafika 250. Kizidishi cha matumizi ni 5, yaani 1/(1 − 0.8).

Kodi inapita njia nyingine. Kumtoza mtu 50 hakupunguzi pato kwa wakati huohuo, kwa sababu hakuna bidhaa iliyoacha kununuliwa bado. Kinachopungua kwanza ni hela mkononi mwake. Naye hapunguzi matumizi kwa 50 yote, anapunguza 40 na ile 10 iliyobaki anaitoa kwenye akiba. Kwa hiyo mnyororo wa kodi unaanzia kwenye 40, halafu 32, halafu 25.6, na jumla yake ni 200. Kizidishi cha kodi ni −4, yaani −0.8/(1 − 0.8).

Weka minyororo miwili sambamba: 40 ya upande mmoja inafuta 40 ya upande wa pili, 32 inafuta 32, na kuendelea hadi mwisho. Kilichokosa mwenzake ni ile 50 ya mwanzo, manunuzi yenyewe ya serikali. Ndiyo maana jibu halitegemei 0.8. Ukiweka 0.6, vizidishi ni 2.5 na −1.5. Ukiweka 0.9, ni 10 na −9. Tofauti ni 1 kila mara, na hiyo 1 ndiyo inayoitwa kizidishi cha bajeti iliyosawazishwa.

Wanafunzi wengi huishia hapo, wakati jambo la maana linaonekana ukiupekua uchumi mpya. Pato ni 1,550, kodi ni 300, kaya zinabaki na 1,250. Ni ileile 1,250 ya mwanzo. Matumizi yao ni 1,100, yaleyale. Akiba ni 150, ileile. Kwa jumla, sekta binafsi haijaongeza hata senti ya matumizi, na nyongeza yote ya pato imo kwenye kile ilichonunua serikali.

Hapa pande mbili zinaachana, na kila moja ina haki yake. Mtetezi atasema: watu waliokuwa hawana kazi wameajiriwa, serikali imepata huduma za 50, deni halijaongezeka, na kaya kwa ujumla hazijaumia. Mpinzani atajibu kwamba manunuzi ya serikali huingizwa kwenye pato kwa gharama yake, yawe na faida au yasiwe nayo. Serikali ikilipa 50 watu wachimbe mashimo na kuyafukia, takwimu za pato zitapanda kwa 50 vilevile. Mimi namwona mpinzani ana hoja nzito zaidi katika hili. Kama matumizi ya kaya hayabadiliki, faida yote ya mpango inasimama au kuanguka kwa ubora wa kile kilichonunuliwa, na modeli haina la kusema juu ya ubora huo. Ila naye asivuke mpaka: kama waliochimba walikuwa wamekaa bure, jamii haikupoteza kazi nyingine kuwapata.

Kuna gharama nyingine ambayo watetezi huipitia haraka. Tuseme lengo ni kupandisha pato kwa 250. Kwa kukopa, matumizi ya ziada ya 50 yanatosha. Kwa bajeti iliyosawazishwa, lazima matumizi na kodi vyote vipande kwa 250. Kodi inatoka 250 hadi 500, na pato likiwa 1,750, sehemu yake katika pato inapanda kutoka takriban asilimia 17 hadi 29. Kukwepa deni kunawezekana, lakini serikali inakuwa kubwa zaidi kuliko wengi walivyodhani walipoliafiki wazo lenyewe.

Kizidishi cha 1 kinadai sharti ambalo ni rahisi kulisahau: ile 50 lazima inunue kitu. Serikali ikiigawa kama uhawilishaji wa fedha kwa kaya, hakuna duru ya kwanza ya manunuzi. Waliopewa wanatumia 40, waliotozwa wanapunguza 40, na jibu ni sifuri. Muulizaji wetu wa mwanzo, basi, hakukosea kabisa. Alichosema ni kweli pale serikali inapotoa kwa huyu na kumpa yule.

Hata sifuri hiyo ina sharti lake, kwamba wote wanatumia sehemu ileile ya kipato. Tuseme wanaotozwa ni wenye kipato kikubwa, ambao hupunguza 25 tu wanapotozwa 50, na wanaopewa hutumia 40. Duru ya kwanza inabaki na 15 halisi, na kama duru zinazofuata zinaendelea kwa 0.8, pato linapanda kwa 75 bila serikali kununua kitu chochote. Swali la nani anatozwa na nani anapokea linaweza kuwa na uzito kuliko kiasi chenyewe.

Mahali panapochanganya zaidi ni kodi inayofuata kipato. Tuseme kodi ni moja ya sita ya pato. Kwenye 1,500 inaleta 250 ileile, kwa hiyo tunaanzia palepale. Sasa katika kila 100 ya pato, kodi inakula 16.7, kaya zinatumia 80 kati ya kila 100 ya kinachobaki, na mnyororo unasinyaa haraka zaidi. Kizidishi cha matumizi kinashuka hadi 3, cha kodi ya nyongeza ya mkupuo hadi −2.4. Ongeza matumizi kwa 50 na mkupuo kwa 50: pato linapanda kwa 150 na kushuka kwa 120, hivyo faida ni 30. Wengi huhitimisha hapo kwamba kizidishi cha bajeti iliyosawazishwa kimeshuka hadi 0.6.

Lakini hebu kagua bajeti. Pato limepanda kwa 30, na moja ya sita yake, yaani 5, imeingia serikalini juu ya ile 50. Kodi imeongezeka kwa 55 wakati matumizi yameongezeka kwa 50. Hiyo si bajeti iliyosawazishwa, kuna ziada ya 5. Ukitaka usawa wa kweli, mkupuo wa nyongeza uwe karibu 41.7 tu. Matumizi yanapandisha pato kwa 150, mkupuo unalishusha kwa 100, na pato linapanda kwa 50. Kodi ya kipato kwenye hiyo 50 ni karibu 8.3, nayo ikijumlishwa na 41.7 inatoa 50. Kizidishi kimerudi 1. Ukikuta jibu la 0.6 na jibu la 1 kwa swali lilelile, tazama kwanza usawa umepimwa kabla ya uchumi kuitikia au baada. Hesabu zote mbili ni sahihi, zinajibu maswali mawili tofauti.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka nje ya algebra. Modeli imeuweka uwekezaji kwenye 150 na kuufungia hapo, bei hazipandi, riba haisogei, na kuna watu na mitambo inayosubiri kazi. Uchumi ukiwa tayari unazalisha kwa uwezo wake wote, ile 50 ya serikali lazima ichukuliwe kwa mtu mwingine, na kizidishi kinaelekea sifuri hata kama minyororo ya duru ni mizuri kwenye karatasi.

Takwimu nazo zinaligusa jambo hili. Wanauchumi Olivier Blanchard na Roberto Perotti, wakitumia takwimu za Marekani katika utafiti wa mwaka 2002, waligundua kwamba ongezeko la kodi na ongezeko la matumizi ya serikali yote mawili yanaushusha uwekezaji binafsi, yaani ile namba tuliyoifungia. Christina Romer na David Romer, mwaka 2010, walichambua mabadiliko ya kodi ya Marekani ambayo hayakusababishwa na hali ya uchumi ya wakati huo. Walikadiria kwamba kupandisha kodi kwa asilimia 1 ya pato la taifa kunalishusha pato kwa karibu asilimia 3, na uwekezaji ndio unaoumia sana.

Kizidishi cha −3 si kigeni, kwa sababu modeli yetu yenyewe imetoa −4. Tatizo liko kwenye jozi. Modeli inadai kwamba kodi ikiwa na −3, matumizi yawe na 4, ilhali makadirio mengi ya kizidishi cha matumizi yako karibu na 1. Kuzijumlisha namba zilizotoka katika mbinu tofauti si haki kwa yeyote, kwa hiyo sidhani zinathibitisha kwamba bajeti iliyosawazishwa inalishusha pato. Zinachokivunja ni ile tofauti ya 1 inayojitokeza kila mara. Tofauti hiyo inatokana na dhana kwamba kodi inapita kwenye matumizi ya kaya peke yake, na pindi inapougusa uwekezaji pia, hakuna kinachoulazimisha mnyororo wa kodi uanzie kwenye 40.