Siku 183 na nyumba ya Mikindani

"Nimerudi Mikindani kutoka Durban Agosti 10, 2025. Sijafikisha siku 183. Mshahara wangu wa Januari hadi Julai unawahusu nini TRA?"

Huenda unawahusu, na sababu ni nyumba. Tuanze na siku zenyewe. Kuanzia Agosti 10 hadi Desemba 31 ni siku 144, pungufu ya zile 183 ambazo mtu akizifikisha nchini ndani ya mwaka huhesabiwa mkaazi kikodi. Kifungu cha ukaazi cha Sheria ya Kodi ya Mapato kina kipimo kingine cha siku: wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka, ukijumlisha mwaka huu na miwili iliyotangulia. Tuseme 2023 na 2024 muulizaji alikuja likizo siku 30 kila mwaka. Ukijumlisha 144, 30 na 30 unapata 204, na ukigawanya kwa tatu ni 68. Hapo pia hajafika.

Lakini kifungu hichohicho kinasema mwenye makazi ya kudumu nchini, akiwepo hata sehemu ya mwaka, ni mkaazi. Kama mke na watoto wanaishi kwenye nyumba yake Mikindani, hesabu ya siku haimwokoi. Na mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani.

Wanaotetea kipimo cha siku wana hoja nzito. Mihuri ya pasipoti inahesabika, haina ubishi wa nani anaishi wapi. Makazi ya kudumu yanabishaniwa: je, nyumba aliyomjengea mama yake, naye akifika analala chumba cha wageni, ni makazi yake? Hata hivyo mihuri nayo ina mapengo. Anayevuka Ruvuma kwa mtumbwi akitoka kibaruani Palma, Msumbiji, hana muhuri wowote, kwa hiyo siku zake ni maneno yake tu.

Kwangu mimi, kipimo cha nyumba kinamtambua vizuri zaidi mtu ambaye maisha yake hayakuwahi kuhama. Ninachokiona kigumu ni kwamba mwaka unapimwa mzima: kurudi Agosti kunaivuta hata Januari. Ningependa sheria itenganishe kipindi cha kabla ya kurudi, kwa sababu mtu huyu alipokuwa kazini hakujua angerudi lini.

Kuna nafuu mbili. Afrika Kusini ina mkataba wa kodi na Tanzania, na nchi zote mbili zikimdai kuwa mkaazi wao, huangaliwa kwanza nyumba ya kudumu iko wapi. Akiwa nazo kote kuwili, huangaliwa familia na shughuli zake zimeegemea upande gani. Pili, kodi aliyokatwa Durban hupunguzwa kwenye kodi ya hapa, mradi aithibitishe. Cheti cha IRP5 ambacho mwajiri hutoa kinaonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, na ni rahisi zaidi kukidai kabla ya kuondoka. Punguzo hilo halizidi kodi ambayo Tanzania ingetoza kwa mshahara huohuo, kwa hiyo aliyekatwa zaidi kule harudishiwi tofauti hapa.