Shimo la Jumatano kwenye grafu ya oda

"Kaka, Jumatano wastani umeanguka toka 35 hadi 30. Jikoni tumekosea wapi?"

Hakuna aliyekosea. Dada huyu anaoka keki na mikate Majengo, Moshi, na Jumatano hiyo alipata oda 31, sawa na Jumatano zake za kawaida. Ila Jumatano iliyotangulia ilikuwa siku ya mahafali shuleni, kila mzazi akaagiza keki yake, oda zikafika 66. Wastani unaosogea wa siku saba huingiza siku ya leo na kuitoa ile ya siku saba nyuma, kwa hiyo hatua yake ni tofauti ya hizo mbili ikigawanywa kwa saba: (31 − 66) ÷ 7 = −5. Grafu ilikuwa inayaaga mahafali.

Je, autupe wastani huu? Mimi nisingeutupa. Wiki yake ya kawaida, kuanzia Jumatatu, huenda hivi: 22, 24, 31, 25, 38, 52, 18. Akitazama namba hizo tupu, kila Jumapili atadhani biashara inakufa. Siku saba zikichukuliwa pamoja, Jumamosi moja na Jumapili moja zimo daima, na wastani hutulia kwenye 30. Aliwahi kujaribu siku tano ili grafu iwe nyepesi kushtuka. Ilishtuka kweli: kwa wiki hiyohiyo isiyobadilika hucheza kati ya 24 na 34, kwa kuwa dirisha la siku tano mara hubeba Jumamosi, mara huiacha.

Kwenye jedwali la kompyuta, oda zikiwa safu ya B, fomula ni hii, ikiburutwa kwenda chini:

```
=AVERAGE(B2:B8)
```

Siku aliyofungua asipate oda aandike 0. Akiacha kisanduku wazi, fomula hugawa kwa sita na wastani unapanda bila sababu.

Udhaifu wa wastani huu unaonisumbua zaidi ni uzito wa miguu: huchelewa kufuata ukweli. Tuseme bodaboda wake mzuri anaondoka, na kuanzia Jumatatu anapoteza oda 7 kila siku. Ukweli umeshafika 23, lakini wastani unashuka moja tu kwa siku: Alhamisi unasoma 26, na 23 unaifikia Jumapili. Wiki nzima ya unga na mayai imenunuliwa kwa hesabu iliyopitwa.

Ndiyo maana nilimwambia aongeze safu nyingine: oda za leo kutoa oda za siku kama hiyo wiki iliyopita. Mfano wa bodaboda ungesomeka 15 dhidi ya 22 Jumatatu, 17 dhidi ya 24 Jumanne, 24 dhidi ya 31 Jumatano. Safu hiyo nayo ina kelele zake, na wiki baada ya mahafali ingemtisha vilevile, lakini kwa siku moja tu. Tofauti ikiwa hasi siku tatu mfululizo, mimi ningeanza kupigia wateja simu bila kungoja wastani.