Cherehani, chaki na kadi ya baba mkubwa

"Shikamoo kaka. Nina miaka 27, nina shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia. Wazazi wangu ni wakulima wa viazi Njombe, mama ana presha. Sekondari nilisomeshwa na baba mkubwa, mwalimu mstaafu. Chuo nikasoma kwa mkopo. Huu ni mwaka wa tatu nashona nguo Morogoro. Mwaka jana, ukitoa kodi ya fremu, umeme na vifaa, nilibakiwa na 5,400,000. Desemba peke yake 900,000, Februari 190,000. Nyumbani wanasema sikusomeshwa niwe fundi cherehani, niombe ajira mpaka nipate. Nifanyeje bila kuwavunjia heshima?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeanza na Desemba, Februari ukaiweka mwisho. Kila mwenye biashara hufanya hivyo, hata mimi. Wazee wenu wanaanza na Februari. Nadhani nusu ya ugomvi wenu imekaa hapo, kwa hiyo tuanzie kwenye daftari, heshima itafuata.

Milioni tano na laki nne ukiigawa kwa miezi kumi na miwili unapata 450,000 kwa mwezi. Sasa chukua mwalimu. Tuseme mshahara ghafi ni 800,000. Ni mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, unakata asilimia 5, yaani 40,000. Zinazobaki, 760,000, ndizo zinazotozwa kodi ya mshahara, nayo inafika 68,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara, 120,000. Mkononi zinabaki 548,000, na hapo chama cha walimu hakijagusa kitu.

Usikimbilie kusema tofauti ni laki moja tu. Bodi ya Mikopo inakudai na wewe. Aliyejiajiri anatakiwa kurejesha asilimia 10 ya kipato chake, isipungue 100,000 kwa mwezi, na hilo linaanza miaka miwili baada ya kumaliza chuo. Kama hujaanza kulipa, 450,000 zako kwa kweli ni 350,000. Kwa mwaka wa jana, basi, wazee wameshinda kwenye fedha taslimu, na wameshinda kwa mbali. Ukienda Njombe na hoja kwamba cherehani inalipa kuliko chaki, baba mkubwa atachukua kalamu na kukuumbua mbele ya watu. Amefundisha watoto hesabu maisha yake yote.

Lakini sidhani kama wanachogombania ni hizo fedha. Baba mkubwa ni mwalimu mstaafu, maana yake ana kadi ya NHIF, na mstaafu aliyechangia huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake baada ya kustaafu. Baba yako amemwona kaka yake akiingia hospitali na kadi na kutoka na dawa. Yeye mwenyewe mkewe akizidiwa na presha huanza kuulizia nani ananunua viazi vikiwa bado shambani. Na mtumishi akiwa kazini, kadi yake inambeba yeye, mwenza wake na wategemezi wanne, na wazazi wanaruhusiwa kuwemo katika hao wanne. Ukisikia "ajira" kutoka kwa baba yako, sikiliza vizuri: huenda anasema "dawa za mama yako". Mzee wa Njombe hawezi kumwambia binti yake moja kwa moja kwamba anataka kuandikwa kwenye kadi yake. Ataongea habari za shahada.

Hapo upande wao ni mzito, na bado sijataja pensheni wala mkopo wa benki ambao mtumishi huupata kwa kuonyesha karatasi ya mshahara. Fundi akivunjika mkono, mwezi huo ni sifuri. Mwalimu akivunjika mkono, mshahara unaingia.

Wanapokosea ni kwenye mlango wenyewe. Baba mkubwa aliajiriwa wakati serikali ilikuwa inatafuta walimu. Hata baadaye, mpaka katikati ya muongo wa 2010, mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo akaenda kuripoti, hakuna aliyemfanyia usaili. Kwa mtu wa wakati ule, mwenye shahada asiye kazini ni mvivu au ana jambo analolificha. Siku hizi nafasi zinatangazwa, unaomba kwenye mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, unaitwa kwenye usaili pamoja na umati wa wahitimu wa miaka mingi iliyorundikana, na walimu wa masomo yako ya sanaa ndio waliojaa zaidi kuliko wa fizikia na hisabati. "Omba mpaka upate" ilikuwa ushauri mzuri pale kusubiri kulipokuwa kwa miezi. Mwambie baba mkubwa hivyo kwa upole, tena umwonyeshe maombi uliyokwisha kutuma, tarehe kwa tarehe. Kama hujatuma hata moja, basi ni kweli kuna jambo unalolificha, na wao wamelinusa.

Kuna kitu kingine wasichokihesabu, na wewe hukukiandika. Kituo cha kazi huchagui. Ukipangiwa shule iliyoko mbali na Morogoro, miaka mitatu ya wateja inaondoka. Wateja wa fundi hawahami naye. Yule mama anayekuletea sare za kamati ya harusi, vipimo vya watu thelathini kwenye karatasi moja, akikuta fremu imefungwa mara mbili atakuwa na fundi mwingine kabla ya Pasaka. Wazee wanadhani cherehani inaweza kusubiri kwa sababu ni chuma. Chuma kitasubiri. Wateja hawatasubiri.

Pia mshahara tunaujua utakavyopanda: polepole, kwa madaraja. Fremu yako haijulikani. Inaweza kupata cherehani ya pili na kijana wa kukata, ikapita ule mshahara ndani ya miaka miwili. Inaweza pia kukaa hapohapo, kwa sababu fundi mmoja ana mikono miwili na siku ina saa zake. Hapa sikupi matumaini. Angalia daftari la miaka yote mitatu: Februari ya mwaka jana ilikuwa kubwa kuliko Februari ya mwaka juzi? Ongezeko la Desemba linaweza kuwa bahati ya harusi mbili. Mwezi mbaya ukianza kuwa na nafuu, hapo kuna biashara. Ukibaki palepale, wewe ni kibarua mwenye fremu, na wazee wana haki ya kuwa na wasiwasi.

Sasa lile la baba mkubwa kukusomesha. Vijana wengi hujibu kwamba hawakuomba kusomeshwa, au kwamba watamrudishia ada yake. Majibu yote mawili yanaumiza, la pili zaidi. Kwenye familia zetu ada hairudi kwa aliyeitoa, inakwenda kwa mtoto anayefuata. Alikusomesha ili ukoo upate mtu mwingine wa kuwasomesha wanaosubiri kwenye foleni, na sasa anaona foleni imesimama kwako. Shahada yako ukiitundika ukutani hailipi deni hilo, na cherehani haikuzuii kulilipa. Nani yuko kidato cha kwanza au cha pili pale nyumbani sasa? Mchukue huyo. Sare zake ushone mwenyewe, madaftari na nauli vitoke kwako kila muhula. Usitangaze. Baba mkubwa atajua, maana habari za mtoto aliyesaidiwa hufika haraka kuliko simu.

Na la mama lifanye kabla hujazungumza lolote na baba. Bima ya afya ya jamii, ile CHF iliyoboreshwa, imekuwa ikitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na hutibu kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Haifiki ilikofika kadi ya baba mkubwa, na dawa wakati mwingine mtaambiwa zimekwisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, kwa hiyo uliza Njombe ni utaratibu upi unaotumika sasa hivi. Juu ya hiyo weka fedha ya dawa za presha, hata 20,000, lakini itumwe tarehe ileile kila mwezi, Januari na Februari zikiwemo. Desemba ukituma 100,000 na Februari usitume kitu, umewathibitishia walichosema. Kiasi ni kidogo, tarehe ndiyo inayofanana na mshahara. Fedha ya Februari unaiweka pembeni Novemba, ukishapokea malipo ya awali ya sare za sikukuu.

Ukishafanya hivyo kwa miezi minne au mitano, tafuta wa kukusemea. Usiende kwa baba yako peke yako, na usilianzishe msibani wala kwenye harusi ya mtu, ambapo kila mjomba atataka kuonekana ana neno. Kama mama mkubwa ana masikio, pitia kwake: yeye ndiye anayejua mumewe anaumia nini hasa. Mwombe akuombee nafasi ya kukaa na wazee wawili hao tu. Ukifika, anza na shukrani ya ada, kisha fungua daftari kwenye ukurasa wa Februari. Waulize wangependa uwahakikishie nini. Wakisema dawa, unazo tarehe za miamala kwenye simu. Wakisema uzee wako mwenyewe, waambie NSSF inaandikisha waliojiajiri, na uwe umeshajiandikisha. Wakisema "watu watatuonaje", hilo halina risiti. Lisikilize tu, liache lipite, kwa sababu kulibishia ndiko kunakogeuka kuwa utovu wa adabu.

Kuhusu kuomba ajira, wengine watakwambia uache kabisa ili uonyeshe msimamo. Mimi siungi mkono. Ombi halikugharimu zaidi ya siku moja, na namba zako za mwaka jana hazikupi jeuri ya kukataa mshahara ambao bado hujapewa. Tuma, nenda usaili ukiitwa, wazee wajue umekwenda. Fremu usiifunge, wala kodi ya miezi sita ijayo usiache kulipa, mpaka barua ya kupangiwa kituo iwe mkononi na jina la wilaya limeandikwa. Siku hiyo piga hesabu upya, kwa daftari la mwaka huo. Ikiwa Februari yake imevuka 400,000 na kijana wa kukata ameshazoea, mimi ningebaki Morogoro, ningepanda basi la Njombe na barua ile mfukoni, ningempa baba mkubwa aisome mwenyewe kabla sijasema nimeamua nini.