M-Pesa imeifikia kaya isiyo na benki, lakini imeifaa kwa lipi?

Mwaka 2006, kabla M-Pesa haijaanza, ni kiasi cha asilimia 27 tu ya Wakenya watu wazima waliotumia huduma rasmi za fedha. Kufikia 2021 walikaribia asilimia 84. Takwimu hizo ni za FinAccess, utafiti wa kitaifa wa matumizi ya huduma za fedha Kenya, ambao hupima pia afya ya kifedha: je, mtu anamudu matumizi ya kila siku, anahimili dharura, anawekea kesho? Huko asilimia ya wenye afya hiyo ilishuka kutoka 39 mwaka 2016 hadi 17 mwaka 2021. Korona haiwezi kubebeshwa lawama yote, maana mwaka 2019 ilikuwa tayari imefika 22.

Watetezi wa M-Pesa wana ushahidi mzito. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walizifuatilia kaya za Kenya wakaona kwamba ugonjwa au hasara ya ghafla ikiingia, kaya zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi kwa asilimia 7 hivi, huku za watumiaji zikibaki palepale. Waliotumia walipokea msaada kutoka kwa watu wengi zaidi, wakiwemo wa mbali. Zamani mtoto akiugua Kitui, mjomba aliye Nairobi alimkabidhi kondakta bahasha, akabaki kuomba ifike. Siku hizi pesa huingia kabla mama hajatoka zahanati.

Lakini njia hiyo ina ushuru, na mwenye kidogo ndiye anayeumia. Kwa viwango vya tangu 2023, mjomba akituma shilingi 500 hukatwa 7, na mama akizitoa kwa wakala hukatwa 29. Zimeondoka 36, yaani asilimia 7 ya msaada wenyewe. Akitumiwa 2,500 kwa mkupuo, makato yote ni 62, chini ya asilimia 3. Tatizo ni kwamba kibarua hana 2,500 kwa mkupuo.

Mkopo ni habari nyingine kabisa, ingawa takwimu za ujumuishaji wa kifedha huuhesabu kapu moja na huo msaada. M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa kupitia M-Pesa, ilipoanza 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa mwenye duka anayeuza bidhaa zikaisha ndani ya wiki, hiyo inalipika. Kwa aliyekopa 1,000 kununua unga, mwisho wa mwezi unga umeisha na deni ni 1,075. Akishindwa, ada hutozwa tena. Walioorodheshwa kuwa wadaiwa sugu kwa vijisenti walikuwa wengi hadi Benki Kuu, mwaka 2020, ikazuia kuorodhesha deni lililo chini ya 1,000.

Kwa maoni yangu, manufaa makubwa yametoka kwenye kutumiana, si kukopeshwa, na hapo ndipo nafuu ingeanzia. Duka la dawa lenye namba ya till, ya kulipwa moja kwa moja kwa M-Pesa, humwokolea mama zile 29, kwa kuwa mnunuzi hakatwi. Muuza mboga wa gulioni, hata hivyo, bado anataka noti mkononi.