Jibu la “Mbloki, Basi” Linawaumiza Mabinti Zetu

Kila binti wa Kigoma anapolalamika kwamba kuna mwanamume anayemsumbua mtandaoni, wakubwa humpa jibu moja: mbloki, basi. Nimelisikia tena akiambiwa binti wa dada yangu, anayeuza vitenge Instagram akiwa Ujiji, na limeniudhi, kwa sababu alikuwa ameshambloki mtu huyo na usumbufu ukazidi.

Mwanamume huyo alipeleka posa ikakataliwa, na tangu hapo akawa anaandika chini ya kila picha ya kitenge kwamba muuzaji ni tapeli. Alipoblokiwa alitambua mara moja, kwa kuwa ukurasa haukumfungukia tena, akafungua akaunti nyingine na kurudi na matusi makali zaidi. Nakubali kwamba Instagram hukuruhusu kumbloki mtu pamoja na akaunti nyingine atakazofungua, lakini mwenye laini ya pili na barua pepe ya pili anaweza bado kupenya.

Akaunti hiyo mpya hatukuibloki. Tuliifungua, tukagusa nukta tatu za juu na kuchagua Restrict, hatua ambayo anayewekewa hapewi taarifa yake. Tangu hapo maoni yake yaliendelea kuonekana kwenye simu yake mwenyewe, ila wateja hawakuyaona, kwa kuwa yanasubiri mwenye picha ayaidhinishe. Ujumbe wake uliangukia kwenye maombi ya ujumbe, naye hakuweza kujua kama umesomwa wala kama binti yuko mtandaoni. Aliendelea kutukana, akidhani soko zima la Mwanga linamsoma, na kwa kuwa hakupata hata mtu mmoja wa kubishana naye, akanyamaza.

Restrict ina mipaka yake, na ni lazima isemwe wazi. Anayewekewa bado anaona picha na stori zako, kwa hiyo kama anakufuatilia ajue uko wapi na unatoka saa ngapi, huyo ni wa kublokiwa bila kusita. Upande wa kutagiwa, ingia kwenye mipangilio ya Tags and mentions uruhusu watu unaowafuata wewe tu. TikTok nayo ina mpangilio wa Duet, yaani mtu kuweka video yake kando ya yako, unaoweza kuufunga kwa akaunti nzima. Na kwenye WhatsApp, uliyembloki bado mtasomana mkiwa kundi moja, liwe la ukoo au la kikoba.

Kuna jambo moja ambalo wanaosema “mbloki, basi” hawalitaji kabisa. Ukimbloki mtu Instagram, maoni yake yote huondoka kwenye picha zako, na hata ukimfungulia baadaye hayarudi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawagusa wanaosumbua wenzao kwa namna hii, lakini polisi watataka kuona kilichoandikwa. Kwa hiyo piga kwanza picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, maneno yenyewe na tarehe, mtumie mtu unayemwamini azihifadhi, ndipo ubloki.