Ukishindwa kesi ya ushuru Nairobi na ukishindwa London: soma ukurasa wa mwisho kabla ya kulia

Sisi tulio Uingereza tuna mazoea ya kusema kwamba kila kitu cha huku kimepangwa na kila cha nyumbani ni vurugu. Kwenye rufaa za ushuru msemo huo hausimami. Hukumu za Jopo la Rufaa za Ushuru la Kenya zimepangwa kwa mpangilio ule ule kesi baada ya kesi, kiasi kwamba ukiisoma moja unajua mlango wa kuingilia nyingine zote. Na kwa aliyeshindwa, sheria ya Kenya inampa nafasi ya kupumua ambayo ya Uingereza haimpi. Shida ni kwamba hukumu ya Kenya haimwambii hivyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wa aina inayojaa kwenye hukumu hizo. Kampuni ndogo ya kuuza vifaa vya ujenzi Mombasa ilitangaza mauzo ya shilingi milioni 60 kwa mwaka 2022. KRA ikachukua taarifa za benki, ikajumlisha pesa zote zilizoingia, ikapata milioni 66. Ile milioni 6 ya ziada ikahesabiwa kuwa mauzo yaliyofichwa, ikatozwa ushuru wa mapato wa asilimia 30, yaani shilingi 1,800,000. VAT tuiache kando. Mwenye duka anasema milioni 4 kati ya hizo zilitoka kwa kaka yake aliyeko Leicester, za kujenga nyumba ya familia Kilifi, na zilipitia akaunti ya duka kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Akapeleka pingamizi, likakataliwa. Akaenda kwenye Jopo, akashindwa. Sasa ana kurasa 20 mkononi.

Hukumu huanza na usuli. Watu huuruka kwa sababu unaonekana kama historia tu, kumbe ndipo tarehe zilipo: siku makadirio yalipotolewa, siku pingamizi lilipopelekwa, siku Kamishna wa KRA alipolijibu, siku notisi ya rufaa ilipowasilishwa. Mlipa ushuru ana siku 30 kupinga makadirio. Kamishna naye ana siku 60 kuamua, tangu apokee pingamizi lililokamilika, na asipoamua ndani ya muda huo pingamizi huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Kwa hiyo kaa na kalenda, hesabu mwenyewe. Kuna rufaa ambazo zimeshinda kwa hesabu hiyo tu, bila mtu kugusa suala la ushuru wenyewe. Mvutano huwa ni lini pingamizi "limekamilika", maana KRA ikiomba hati zaidi hudai saa haijaanza kuhesabu.

Baada ya usuli zinakuja hoja za mrufani na maombi yake, kisha hoja za Kamishna na maombi yake. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mwenye duka anasoma aya kumi na tano zinazoeleza habari za kaka na nyumba ya Kilifi kwa lugha nzuri, anadhani Jopo limemwamini. La. Jopo linarudia tu alichosema kila upande. Maneno "mrufani alieleza kwamba" hayana uzito wowote wa uamuzi. Hukumu ya Uingereza haina mtego huu kwa kiasi hicho, kwa kuwa jaji wa jopo la ngazi ya kwanza hutenga sehemu ya ukweli uliothibitika, kwa aya zenye namba: nimekubali hili, lile nimelikataa, na sababu ni hii. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo moja ambalo Nairobi ingefaa kuliiga kesho asubuhi. Kwenye hukumu ya Kenya ukweli uliokubaliwa umetawanyika ndani ya uchambuzi, unauokota kama mchele uliomwagika.

Uchambuzi huo hutanguliwa na masuala ya kuamuliwa, mara nyingi moja au mawili, kwa mfano: je, Kamishna alikosea kudumisha makadirio? Sentensi hiyo ni fupi lakini imebeba kesi nzima. Kama ulileta hoja tano na Jopo likaunda suala moja, tafuta hoja zako nne zimekwenda wapi. Hoja ya kisheria iliyoletwa na isijibiwe kabisa ni mtaji wa rufaa. Hoja iliyojibiwa vibaya kwa maoni yako huenda isiwe.

Katika kesi ya duka letu, uchambuzi utapita njia inayojulikana. Jopo litaanza na kifungu cha 56(1) cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015: mzigo wa kuthibitisha kwamba uamuzi wa ushuru si sahihi uko kwa mlipa ushuru. Kisha litauliza kuna nini kwenye faili. Likikuta taarifa za benki bila maelezo, barua ya kaka iliyoandikwa baada ya mgogoro kuanza, na jedwali lililoambatishwa kwenye mawasilisho ya wakili, litasema mawasilisho si ushahidi, na mzigo haukutuliwa. Kamishna hakuhitaji kuthibitisha kwamba ile milioni 6 ni mauzo. Alitakiwa awe na msingi wa kukadiria, na taarifa za benki zinampa msingi huo.

Kilichokosekana kinajulikana. Ni jedwali linalotaja kila muamala, tarehe na kiasi, likipelekwa pamoja na pingamizi na si miezi kumi baadaye. Risiti ya kutuma pesa upande wa Leicester, yenye jina la mtumaji. Taarifa ya benki ya kaka inayoonyesha pesa ikitoka siku hiyo au siku moja kabla. Na karatasi za Kilifi, yaani risiti za saruji, malipo ya fundi, ramani iliyoidhinishwa. Nusu ya ushahidi huo uko kwetu huku, na sisi ndio tunaofuta risiti kwenye simu ili tupate nafasi ya picha. Hata Uingereza mzigo ni wa mlipa ushuru, makadirio husimama mpaka ayavunje. Tofauti ni kwamba HMRC ikifungua mwaka wa zamani lazima kwanza ithibitishe ilikuwa na haki ya kuufungua, na adhabu pia ni juu yake kuithibitisha.

Sasa ukurasa wa mwisho. Wa Kenya una amri tatu au nne. Rufaa imetupiliwa mbali. Uamuzi wa pingamizi wa tarehe fulani umedumishwa. Kila upande ubebe gharama zake. Amri ya pili ndiyo yenye meno, ingawa haina tarakimu hata moja: kiasi kinachodaiwa kimo ndani ya uamuzi wa pingamizi, si ndani ya hukumu, na hakijasimama kikikusubiri. Juu ya ile 1,800,000 kuna adhabu ya asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, 90,000, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi bila kuzaa riba nyingine, yaani 18,000 kila mwezi. Mgogoro ukiwa umechukua miezi 24, riba ni 432,000 na jumla ni 2,322,000. Riba haiwezi kuzidi deni lenyewe, lakini hiyo ni faraja ya mbali. Amri ya tatu inamaanisha hulipi wakili wa KRA, na wa kwako hakuna wa kukurudishia. Ile 20,000 ya kufungua rufaa nayo imekwenda.

Kama amri inasema rufaa imekubaliwa kwa sehemu, usishangilie wala usinune kabla ya kusoma ni sehemu gani. Mara nyingi Kamishna huagizwa apige hesabu upya ndani ya siku zilizotajwa, kwa kuondoa kwa mfano ile milioni 4 iliyothibitishwa. Hapo ushuru unabaki wa milioni 2, yaani 600,000, na adhabu na riba zinashuka nao. Fuatilia hesabu hiyo kwa maandishi.

Ukurasa wa mwisho wa Uingereza ni tofauti. Humo mna aya inayoeleza kwamba asiyeridhika anaweza kuomba ruhusa ya kukata rufaa, na kwamba ombi lifike ndani ya siku 56 tangu uamuzi utumwe kwake. Ikiwa umepewa uamuzi wa muhtasari, lazima kwanza uombe sababu kamili ndani ya siku 28. Mtu asiye na wakili anaisoma na kuelewa. Lakini yale ambayo aya hiyo haiyataji ndiyo yanayouma: ushuru wa mapato ulioahirishwa wakati kesi ikisikizwa unakuwa wa kulipwa baada ya uamuzi wa ngazi ya kwanza, hata kama unapanda ngazi ya juu. Na ruhusa yenyewe si haki, unaweza kunyimwa.

Kenya huombi ruhusa. Unakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu kuarifiwa, na siku hizo si maneno ya karatasi. Sheria inazuia KRA kutoa notisi ya wakala, ile inayoiamuru benki yako au mdaiwa wako ailipe KRA moja kwa moja, mpaka moja ya masharti fulani litimie. Sharti mojawapo ni kwamba umeshindwa kwenye Jopo na hukukata rufaa ndani ya muda. Kwa hiyo siku ya 31 duka linaweza kufungua asubuhi likute akaunti imefungwa. Anayetaka ulinzi mpana zaidi huomba Mahakama Kuu isimamishe utekelezaji, na huko ataulizwa hasara atakayopata, kama amechelewa bila sababu, na dhamana gani anaweka.

Mahakama Kuu husikiza suala la sheria pekee. "Jopo lilikosea kutomwamini kaka yangu" ni suala la ukweli, litatupwa. "Jopo lilisema hakuna hati wakati hati ilikuwa kiambatisho cha maelezo ya kesi" linaweza kuwa la sheria. Mwenye duka akikuta hana hoja ya namna hiyo, siku 30 azitumie kuiomba KRA mpango wa kulipa kwa awamu, kabla benki haijapata barua. Akiwa nayo lakini muda umempita, sheria inaruhusu Mahakama Kuu kuongeza muda, na ombi hilo litasimama kwa sababu ya kuchelewa iliyoelezwa siku kwa siku.