Kiolezo cha kujazia namba: kinasaidia hadi wapi?

Wasanifu wa fomu hawajakubaliana kuhusu kiolezo, yaani utaratibu unaopanga tarakimu papo hapo mtu anapochapa na kukataa alama nyingine yoyote. Wanaokitetea wana hoja ya kweli, kwa kuwa 1000000 huchosha macho ilhali 1,000,000 husomeka mara moja, na anayelipa anahitaji kuhakiki sufuri zake kabla ya kubonyeza.

Shida huanza pale namba inapoingia bila kuchapwa. Tuchukue kisanduku cha simu kinachopokea tarakimu 10 tu: sufuri na nyingine 9. Mtu anachagua namba ambayo kivinjari kilishamhifadhia, nayo inaingia ikiwa na alama ya +, tarakimu 3 za msimbo wa nchi, kisha zile 9. Kiolezo kinaitupa +, kinabakiza tarakimu 10 za mwanzo na kukata 2 za mwisho. Ukaguzi unaohesabu tarakimu peke yake unakuta 10 na kuridhika, huku msimbo wa uthibitisho ukisubiriwa na mtu ambaye hautamfikia kamwe. Kosa la namna hii ni baya kuliko fomu kukataa waziwazi, kwa sababu limetengenezwa na fomu yenyewe na hakuna anayeliona.

Kwa hiyo naegemea upande wa kupokea namba jinsi ilivyoandikwa, kuondoa nafasi na vistari baadaye, na kuipanga mtu akishatoka kwenye kisanduku. Usomekaji unabaki, na anayerudi kurekebisha tarakimu ya katikati harushwi hadi mwisho wa mstari.

Kibodi inayofunguka mtu anapogusa kisanduku haina ubishi mkubwa hivyo; mstari wa kwanza ni wa namba ya simu, wa pili ni wa kiasi cha fedha:

```html
<input type="tel" autocomplete="tel">
<input type="text" inputmode="decimal">
```

Wengi huweka `type="number"` kwenye kiasi cha fedha kwa nia njema. Hata hivyo, kivinjari kisipoelewa kilichoandikwa, kwa mfano kiasi chenye mkato, huikabidhi programu thamani tupu, na mtu anaambiwa “Jaza kiasi” ilhali kiasi kipo mbele ya macho yake.

Ujumbe wa kosa nao ukae chini ya kisanduku husika, utokee mtu akishamaliza kuandika, na utaje kilichopungua: “Umeandika tarakimu 8, zinatakiwa 10” humwonyesha la kufanya, tofauti na “Namba si sahihi”. Akianza kusahihisha, uondoke mara tu namba inapokamilika.

Mahali pekee ambapo kupokea chochote kunanitia shaka ni kiasi kama 1.500, kwani kwa wengine nukta hutenga maelfu na kwa wengine hutenga sehemu ya desimali. Hapo programu isikisie. Ionyeshe chini ya kisanduku, kwa maneno, “elfu moja na mia tano” au “moja nukta tano”, na mwenye fedha achague.